Nimebadilisha Normal, dokumenti nzima ikavurugika: kilichotokea na namna ya kuirudisha

Swali: "Habari kaka, naandika ripoti ya utafiti kwenye Word. Msimamizi alitaka maelezo yawe Times New Roman 12, dabo spesi, mstari wa kwanza uingie ndani na pande zote zinyooke. Nikarekebisha aya moja hivyo, nikarait-kliki Normal nikachagua Update Normal to Match Selection. Maelezo yakakaa vizuri lakini hedingi zimeingia ndani, majedwali yamepanuka, namba za kurasa zimesogea, hata yaliyomo imeharibika. Nimeseva na kufunga, Ctrl+Z haifanyi kazi tena. Nianze kurekebisha kimoja kimoja?"

Jibu: Hapana dada, usianze kimoja kimoja, na kama umeshaanza acha hapo hapo. Kila hedingi unayoivuta kwa mkono kurudi kushoto inapata fomati yake ya juu juu ambayo baadaye haitasikia staili yoyote, halafu ukija kurekebisha chanzo utakuta nusu ya hedingi zinafuata na nusu zimegoma na hujui kwa nini. Seva kopi ya faili kwanza kwa jina lingine, tufanye kazi kwenye hiyo kopi.

Kilichotokea ni hivi. Ulidhani Normal ni staili ya maelezo tu, na ukiangalia unapoandika ni kweli unaandikia Normal. Lakini kwenye Word hiyo Normal ndio mzazi wa karibu staili zote za aya zinazokuja na programu: Heading 1 mpaka 9, Header, Footer, Footnote Text, Caption, List Paragraph, TOC 1 na wenzake. Staili ya mtoto haibebi maelezo kamili ya jinsi ya kuonekana, inabeba tu vile vitu ambavyo ni tofauti na mzazi, vilivyobaki inaviuliza kwa mzazi kila mara. Kwa hiyo ulipogusa Normal uligusa mzazi, na kila mtoto aliyekuwa hana jibu lake mwenyewe akachukua jibu jipya.

Ndio maana uharibifu wako una sura ya ajabu, vitu vingine vimehama na vingine havijahama. Chukua Heading 1. Ina fonti yake, saizi yake, rangi yake na nafasi yake ya juu, ndio maana nina uhakika hedingi zako hazikugeuka Times New Roman 12 nyeusi. Lakini haina neno lolote kuhusu mstari wa kwanza kuingia ndani, wala kuhusu spesi kati ya mistari, wala kuhusu kunyoosha pande zote, hivyo vitatu ikavichukua kutoka Normal mpya. Hedingi fupi hutaona kwamba imenyooshwa pande zote, ila kama una hedingi uliyoikata katikati kwa Shift+Enter utaona maneno ya mstari wa juu yametawanyika yamejaza ukurasa, sababu ni hiyo hiyo. Tanbihi nazo: Footnote Text ina saizi yake 10 na spesi yake ya singo, kwa hiyo hizo zimebaki, lakini fonti haina yake, imegeuka Times, na mstari wa kwanza umeingia ndani. Bulleti utakuta hazijasogea, maana umbali wake unatoka kwenye mpangilio wa namba na bulleti, na huo una nguvu kuliko staili, ila spesi zake zimekuwa dabo.

Namba ya ukurasa iliyokuwa katikati imesogea kulia kidogo, si ndio? Kama uliingiza mstari wa kwanza sentimita 1.27, basi namba imesogea kama sentimita 0.63, nusu yake kamili, kwa sababu Word bado inaiweka katikati lakini ni katikati ya mstari ambao tayari umekatwa 1.27 upande wa kushoto. Picha na grafu zako zilizo katikati zitakuwa na ugonjwa huo huo, hauonekani kirahisi mpaka uprinti.

Majedwali yana habari yake, na hapa ndipo watu wengi wanapotea hata wale wanaojua staili. Chini kabisa, chini ya Normal yenyewe, kuna kitu kinaitwa chaguo msingi za dokumenti. Kwenye dokumenti mpya Normal inakuwa tupu kabisa, haina chochote, na zile fonti na spesi unazoziona zinatoka huko chini. Mpangilio wa nguvu kuanzia chini kwenda juu ni chaguo msingi, halafu staili ya jedwali, halafu staili ya aya pamoja na wazazi wake, halafu staili ya herufi, na juu kabisa fomati uliyoiweka kwa mkono. Sasa jedwali la kawaida, Table Grid, linasema maneno yangu yawe singo na yasiwe na nafasi chini ya aya. Normal ilipokuwa tupu jedwali lilishinda, seli zikakaa zimebana vizuri. Ulipoiambia Normal dabo spesi, Normal ikawa na neno lake, na staili ya aya iko juu ya staili ya jedwali, jedwali likashindwa. Hujaligusa kabisa, ila umelipiku.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha mwenyewe kwamba ni hiki nilichosema na si kitu kingine. Weka kasa kwenye hedingi moja iliyoharibika, bonyeza Shift+F1, itafunguka paneli ya Reveal Formatting pembeni. Chini yake kuna kisanduku Distinguish style source, kitiki. Sasa kila kitu kinaoneshwa na kimetoka wapi. Ukiona uingiaji wa mstari wa kwanza umeandikwa chini ya staili basi umerithiwa, na utapona tukitibu chanzo. Ukiuona umeandikwa chini ya Direct Formatting basi huo uliwekwa kwa mkono, na hautapona mpaka uweke kasa pale na kubonyeza Ctrl+Q, ambayo inafuta fomati za mkono za aya na kuacha staili peke yake. Kama kuna hedingi ulizoanza kuzivuta, zitakuwa kundi hili la pili.

Sasa tiba. Wazo ni moja tu: Normal irudi kuwa tupu kama ilivyozaliwa, na yale matakwa ya msimamizi yahamie kwenye staili nyingine ambayo hedingi, tanbihi na namba za kurasa si watoto wake. Staili hiyo ipo tayari, inaitwa Body Text, huna haja ya kubuni.

Fungua paneli ya Styles kwa Alt+Ctrl+Shift+S. Chini yake kuna vibatani vitatu, cha tatu ni Manage Styles, kifungue uende tab ya Set Defaults. Usibadilishe kitu humo, soma tu na uandike pembeni: fonti, saizi, nafasi baada ya aya, spesi kati ya mistari. Kwa Word za miaka ya karibuni kabla ya mabadiliko ya fonti utakuta Calibri 11, nafasi 8 pt chini na spesi 1.08, kwenye mpya zaidi utakuta Aptos 12. Usichukue namba zangu, chukua zile unazozisoma kwenye faili lako.

Kisha rait-kliki Normal kwenye paneli hiyo hiyo, Modify, chini kushoto Format, halafu Paragraph. Weka Alignment iwe Left, Special iwe (none), na spesi ziwe sawasawa kabisa na ulizosoma kwenye Set Defaults. Fonti nayo hivyo hivyo. Kwa nini sawasawa kabisa? Kwa sababu Word inahifadhi tofauti tu. Ukiiwekea Normal thamani inayolingana na chaguo msingi, inaona hakuna tofauti, inaifuta, na Normal inakuwa tupu tena, na hapo staili ya jedwali inapata sauti yake. Ukiweka singo safi kwa kudhani ni usafi zaidi, wakati chaguo msingi ni 1.08, Normal itakuwa bado ina neno lake na itaendelea kulipiku jedwali, hata kama kwa macho unaona kama sawa. Kabla ya OK angalia chini ya dirisha la Modify pamechaguliwa Only in this document, na si ile ya New documents based on this template, nitarudi kwa hiyo.

Bonyeza OK. Hedingi zitarudi, namba za kurasa zitarudi, yaliyomo itajikunja, majedwali yatabana. Na maelezo yako yote yatapoteza dabo spesi, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kinachojaribu watu ni kuchagua Normal zote kwa mkupuo na kuzigeuza Body Text. Rait-kliki Normal kwenye paneli, kuna Select All ikionesha na idadi, unabonyeza, halafu unabonyeza Body Text, kazi imekwisha. Ila seli za majedwali nazo ni Normal, na aya zilizobeba picha nazo ni Normal, zote zitabebwa humo humo na utarudi ulikotoka. Kwa hiyo toa hivyo viwili kwanza.

Majedwali: tengeneza staili mpya, iite Maneno Jedwali, mzazi wake awe Normal, iwe kushoto, singo, nafasi sifuri juu na chini, saizi unayotaka. Kama majedwali ni matatu manne chagua kwa mkono. Kama ni mengi, bonyeza Alt+F11, Insert, Module, bandika hii halafu F5:

```
Sub PangaMajedwali()
  Dim t As Table, p As Paragraph
  For Each t In ActiveDocument.Tables
    For Each p In t.Range.Paragraphs
      If p.Style = "Normal" Then
        p.Style = "Maneno Jedwali"
      End If
    Next p
  Next t
End Sub
```

Inaangalia kila aya ndani ya kila jedwali, ikiwa ni Normal inaibadilisha, ikiwa ni staili nyingine inaiacha. Bei yake ni kwamba safu za namba ulizokuwa umezipanga kulia au katikati kwa mkono zinaweza kurudi kushoto, kwa hiyo pitia majedwali ya takwimu baada ya hapo. Mimi kwenye ripoti zenye takwimu nyingi natengeneza na staili ya pili, Namba Jedwali, mtoto wa Maneno Jedwali, tofauti yake moja tu imepangwa kulia, haichukui dakika na unaishukuru kila msimamizi anaposema punguza saizi ya majedwali.

Picha: tengeneza staili inaitwa Picha, iwe katikati, isiingie ndani, spesi singo. Halafu Ctrl+F fungua utafutaji, andika ^g, itakupeleka kwenye kila picha iliyo ndani ya mstari, uipe hiyo staili. Hiyo singo si urembo. Kuna wasimamizi wanataka spesi ya Exactly 24 pt badala ya Double, na picha ikikaa kwenye aya yenye Exactly inakatwa, unaona kipande chembamba tu cha chini, watu wanadhani picha imeharibika kumbe imebanwa na spesi.

Hapo sasa Normal zilizobaki ni maelezo tupu. Kama Body Text haionekani kwenye paneli, bonyeza Options chini ya paneli uchague All styles. Iingie Modify, weka matakwa yote: Times New Roman 12, Justified, First line 1.27, Double, na nafasi ya baada ya aya iwe sifuri maana Body Text huja na 6 pt zake. Kisha ndio ufanye ile Select All ya Normal na kubonyeza Body Text. Italiki za maneno machache ndani ya aya zitabaki, ila aya ambayo zaidi ya nusu yake uliiweka italiki au bold kwa mkono inaweza kuzipoteza, kwa hiyo nukuu ndefu zipitie kwa macho. Ukurasa wa jalada nao upitie, mara nyingi ni Normal zilizowekwa katikati kwa mkono na zitakuwa zimetoka katikati.

Kuona kama kuna kilichosahaulika usikague ukurasa kwa ukurasa. Nenda File, Options, Advanced, shuka kwenye Display, tafuta Style area pane width in Draft and Outline views, andika 3 cm. Halafu View, Draft. Utaona upande wa kushoto jina la staili ya kila aya, unaskroli haraka haraka na jicho linakamata kila Normal iliyobaki. Hii ni kifaa bora kuliko vyote nilivyotaja na sijui kwa nini wameificha ndani hivyo.

Kuna mtego mmoja nakutajia mapema kwa sababu najua utajaribu. Utasema ngoja nizikinge hedingi zangu kabisa, niingie Heading 1 niweke mwenyewe kushoto, bila kuingia ndani, ili hata Normal ikiguswa tena zisihame. Haitasaidia. Kumbuka Word inahifadhi tofauti na mzazi tu. Normal ni kushoto, wewe unaweka kushoto, hakuna tofauti, hakuna kilichohifadhiwa, na siku Normal ikibadilika hedingi inabadilika nayo kana kwamba hukuweka kitu. Kama kweli unataka kukata mnyororo, ndani ya Modify kuna Style based on, chagua (no style). Hapo hedingi itachukua vitu vyake kutoka chaguo msingi za dokumenti moja kwa moja, Normal haina tena amri juu yake. Fanya hivyo kwa Heading 1 tu, zingine ziwe watoto wa Heading 1, ili ukibadilisha fonti ya hedingi ubadilishe mahali pamoja. Kwa tanbihi na Footer sioni haja, Normal ikikaa tupu hazina shida.

Ukiwa humo humo kwenye Heading 1, 2 na 3, angalia Style for following paragraph. Imewekwa Normal, ibadilishe iwe Body Text. Usipofanya hivyo kila utakapoandika hedingi mpya na kubonyeza Enter utarudi kuandika kwa Normal, na baada ya wiki utakuwa na maelezo ya aina mbili yanayofanana karibu lakini si sawa, na hapo utashawishika tena kwenda kwenye ile Update Normal.

Na kile kisanduku cha Automatically update ukikiona kwenye staili yoyote ya maelezo au hedingi, kitoe tiki. Kinafanya kila unachobadilisha kwa mkono kwenye aya moja kibadilishe staili nzima bila kukuuliza. Staili za TOC zinakuja nacho kikiwa tayari na tiki, ndio maana ukivuta mstari mmoja wa yaliyomo mistari yote ya ngazi ile inavutika, hizo ziache.

Nimebakiza ile ya templeti. Kama siku ile ulipitia Modify pia na ukachagua New documents based on this template, mabadiliko hayakuishia kwenye ripoti, yameingia Normal.dotm, na kila dokumenti mpya kwenye kompyuta yako itazaliwa na dabo spesi na kuingia ndani. Fungua dokumenti tupu uone. Ikiwa imeathirika, funga Word kabisa, bandika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye baa ya anwani ya File Explorer, libadilishe jina faili la Normal.dotm liwe Normal-zamani.dotm, Word itajitengenezea jipya safi ikifunguka. Hilo la zamani usilifute, kama una makro zako ziko humo.

Na kwa kuwa utaenda kuprinti steshenari kwenye kompyuta ya mtu mwingine, angalia jambo moja kabla ya kutoka nyumbani: File, Options, Add-ins, chini kwenye Manage chagua Templates, bonyeza Go. Kama Automatically update document styles ina tiki, itoe, useve. Ikiwa na tiki dokumenti yako inavaa staili za templeti ya kompyuta yoyote itakayoifungua, na templeti ya steshenari huijui imechezewa na nani. Ila hata hiyo ikiwa sawa, peleka na PDF.